BIBIE, FUNDI NA GAUNI LA SENDOFU: ZIPU ILIPOGOMA ALHAMISI JIONI

Wadau, stori za mafundi cherehani hapa mjini ni nyingi na nyingi zinafanana. Umepeleka kitambaa, umepewa siku, siku imefika, fundi hapokei simu. Lakini hii ya bibie mmoja wa Kinondoni ina kitu cha ziada, maana fundi wake alikosea, bibie naye alikosea, na mwisho wa siku gauni likavaliwa. Swali ni nani alistahili kulipia kosa.

Ilikuwa Desemba, mdogo wake wa mwisho anafanyiwa sendofu ukumbini Sinza. Bibie ndiye dada mkubwa, na mama yao ni mgonjwa wa miguu hawezi kusimama muda mrefu. Kwa hiyo ilikubaliwa yeye ndiye asimame na bi harusi mtarajiwa mbele za watu, amtambulishe kwa wakwe. Sare ya dada wote ilikuwa kitenge cha rangi ya kijani iliyoiva chenye maduara makubwa ya njano, walikinunua Kariakoo. Walipohesabu dada wote, kila mmoja akaangukia yadi nne. Ile rangi ikaisha dukani siku hiyohiyo. Hiyo yadi nne ndiyo ilikuwa hiyo hiyo.

Kingine cha kujua: bibie alikuwa na mtoto wa miezi minne, ananyonyesha. Mwili umebadilika, nguo zote za zamani zimemkataa, na kwenye vikao vya familia kuna shangazi ambaye haishiwi maneno. Kwa hiyo hilo gauni halikuwa gauni tu. Alitaka asimame pale mbele na yeye ajione mtu.

Fundi alielekezwa na rafiki. Ni kijana wa Mwananyamala, ana kibaraza chenye cherehani mbili, moja ya kwake na nyingine ya msaidizi. Jumamosi, wiki mbili kabla ya shughuli, bibie akafika asubuhi mapema, kitambaa mkononi, picha ya mshono kwenye simu. Gauni refu, mikono ya kufika kwenye kiwiko, zipu mgongoni, na mbele kuna mishono miwili inayoanzia begani, inapita katikati ya titi na kushuka mpaka chini. Akamwambia, "Fundi, mimi nataka likae mwilini, sitaki gunia."

Fundi akachukua futi kamba. Bibie alikuwa amevaa blauzi nyepesi na hilo lilikuwa jambo zuri, kwa sababu ukipimwa juu ya dera fundi anapima dera, hakupimi wewe. Bega, kifua, chini ya kifua, kiuno, nyonga, umbali wa titi na titi, kutoka bega mpaka kiuno, urefu wote, mkono. Kifua kikasoma inchi 40. Yote akaandika kwenye daftari, jina juu, na kipande kidogo cha kitenge akakibana na pini pembeni ya ukurasa ili asichanganye wateja. Bei elfu sitini, bibie akatoa arobaini, ishirini ikabaki mpaka siku ya kuchukua.

Fundi akampa siku mbili. Ya kwanza ni Jumapili kabla ya shughuli, aje ajaribu gauni likiwa limeshikizwa tu kwa mishono mirefu ya haraka. Ya pili ni Jumatano jioni, aje achukue. Hapo fundi apewe haki yake, maana mafundi wengi wa mtaani hawakuiti kujaribu, wanakuita kuchukua.

Ile Jumapili mtoto akaamka na homa. Bibie akashinda zahanati, akamtumia fundi ujumbe kwamba haji, ashone tu. Fundi akajibu "sawa dada". Neno dogo hilo, na ndilo lililozaa kasheshe yote.

Jumatano jioni bibie kafika, gauni halipo. "Njoo kesho asubuhi dada yangu." Alhamisi asubuhi kafika, gauni halipo vilevile. Msaidizi akamwambia ukweli: lipo ovaloki. Kwa asiyejua, ovaloki ni ile mashine inayofunga kingo za ndani ya nguo kwa nyuzi ili zisichanike na kuachia. Ni mashine ya gharama, kwa hiyo mafundi wengi wadogo hawana. Wanapeleka nguo kwa mwenye nayo mtaa wa pili, wanalipia kwa nguo. Sasa Desemba mafundi wote wa eneo zima wanapeleka kwa mtu huyohuyo, kuna nguo za Krismasi, kuna sare za shule za Januari, kuna za maharusi. Foleni yake ndiyo inayoamua siku yako. Fundi anakuahidi Jumatano kwa kuhesabu cherehani yake, anasahau kuhesabu foleni ya mwenzake.

Alhamisi saa kumi na moja jioni gauni likapatikana. Bibie akaingia nyuma ya pazia, akalivaa, akamwita msaidizi wa kike amfungie zipu. Zipu ikapanda kiunoni bila shida, ikafika usawa wa kifua ikagoma. Wakavuta pumzi, wakajaribu tena, ikagoma. Akatoka nje ya pazia na mgongo wazi, macho yameshaanza kulowa. Shughuli ni keshokutwa.

Hapa ndipo inafaa kutulia kidogo, kwa sababu kuna namna ya kusoma gauni linalokataa. Kwenye mabega lilikaa sawasawa, mshono wa bega upo juu ya mfupa wa bega. Kiunoni sawa, nyonga sawa. Lakini kutoka kwapani kuelekea kifuani kulikuwa na mikunjo ya kulala, kama mistari imevutwa kwa kamba, na mshono wa kiuno ulikuwa umepanda juu kidogo. Mikunjo ya kulala inayoanzia kwapa maana yake ni nguo finyu sehemu hiyo. Ingekuwa inashuka wima ingekuwa pana. Kwa hiyo tatizo lilikuwa sehemu moja tu, upana wa kifua.

Bibie akamaka, "Fundi ulinipima vibaya!" Fundi akafungua daftari, kifua 40 hiyo hapo. Akapima gauni lenyewe, likasoma 41, maana aliongeza inchi moja ya kupumulia. Akampima bibie upya. Futi kamba ikasoma arobaini na moja na nusu. Kila mtu kimya.

Fundi akasema, "Dada umenenepa." Jamani. Bibie nusura amrushie gauni.

Aliyeokoa jahazi ni mama mmoja wa makamo anayeuza vifaa vya ushonaji kibanda cha pembeni, nyuzi, vifungo, zipu. Alikuwa anasikia yote. Akauliza, "Mwanangu, mtoto amenyonya saa ngapi?" Bibie akasema saa saba mchana, amemwacha nyumbani kwa dada wa kazi. "Na siku uliyopimwa?" Akakumbuka, siku ile alimnyonyesha kwenye bajaji akielekea huko, akashuka tu akapimwa.

Mama akacheka. "Fundi hajakosea futi. Ulipimwa maziwa yametoka, leo umevaa maziwa yamejaa. Mwenye kunyonyesha ana vifua viwili, na gauni la shughuli linashonwa kwa kile kikubwa."

Na ni kweli. Kitenge ni pamba iliyofumwa, hakivutiki kama nguo ya jezi. Ukikosa nusu inchi umekosa. Kwa mtu wa kawaida inchi moja ya kupumulia kwenye gauni la kubana inaweza kupita kwa shida, ingawa mbili ndiyo raha. Kwa anayenyonyesha, inchi moja anaimaliza kabla hajakaa kwenye kiti.

Basi, kama ni finyu si aachie mishono ya pembeni? Ndicho alichofikiri bibie, na hapa ndipo kosa la fundi mwenyewe lilipo. Mashine ya ovaloki ina kisu. Inavyofunga kingo ndivyo inavyokata kila kinachozidi. Fundi alishona pembeni kwanza, akaunganisha vitambaa viwili, ndipo akapeleka ovaloki vikafungwa pamoja. Kisu kikala akiba yote, ndani ikabaki nusu inchi tu. Ukiachia mshono wa nusu inchi hupati kitu, mshono wenyewe unahitaji hapo pa kushika.

Fundi anayetaka nguo irekebishike anafanya kinyume. Anakata pembeni akiwa ameacha inchi nzima au zaidi, anapeleka ovaloki kila kipande peke yake kabla hakijaunganishwa, halafu ndiyo anashona, na mshono anaupasua kwa pasi ulale pande mbili. Ukiligeuza gauni ndani nje utaona: kama pembeni kuna kingo mbili zilizofungwa kila moja kivyake na nafasi ya kidole, hilo gauni lina maisha marefu. Kama ni kamba moja nyembamba iliyofungwa pamoja, omba Mungu usibadilike.

Fundi akashika kichwa. Halafu akafanya kitu ambacho ndicho kilichofanya stori hii ibadilike. Hakubisha tena. Akasema, "Dada, nilitakiwa kukuuliza kama unanyonyesha, na nilitakiwa kuacha akiba. Nitaongeza pembeni, hutalipa." Akaenda kwenye shubaka, akatoa mfuko wa plastiki umeandikwa jina la bibie kwa kalamu. Ndani kulikuwa na mabaki yote ya kitenge chake, hata vipande vidogo vya kwapa.

Wadau, hapo bibie mwenyewe alishangaa. Mafundi wangapi wanarudisha mabaki? Mengi yanaishia kuwa vifuniko vya mito au nguo za watoto wa jirani. Bila huo mfuko hakukuwa na gauni, maana Kariakoo rangi ile ilishaisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Akafumua mshono wa pembeni kutoka kwapani mpaka kwenye nyonga, pande zote mbili. Hapo akaweka kipande chembamba ambacho kikishashonwa kinaonekana upana wa inchi moja pale kwapani, kinazidi kupungua kikishuka, mpaka kinaisha kabisa kwenye nyonga. Inchi moja kila upande, jumla mbili, kifua kikatoka 41 kikawa 43. Kiunoni kiliongeza kidogo tu, kwa hiyo umbo halikupotea.

Lakini ukiongeza kwapani tu na mkono ukauacha, tundu la mkono linakuwa kubwa kuliko mkono wenyewe, havikutani. Ndipo fundi wa haraka anapojaza mikunjo kwapani na nguo inakuwa na mfuko pale. Huyu akafumua na mshono wa chini wa mkono, akaweka kipande kama kile kinachopungua kuelekea kwenye kiwiko. Vile vipande vinne vikakutana chini ya kwapa, mahali ambapo mkono ukishushwa hapaonekani. Bitana nayo ikafanyiwa vilevile, kwa sababu bitana ikibaki finyu ndiyo itakayochanika kwanza. Na safari hii vile vipande vipya alivikata vikiwa na akiba ya inchi moja kila upande, vikapitishwa ovaloki peke yake kabla ya kushonwa.

Wakati anaweka chaki, bibie akakumbuka kitu kingine. "Fundi, na nitamnyonyeshaje mtoto? Zipu iko mgongoni."

Fundi akasimama, akamtazama kwa upole. "Dada, hilo hukulisema."

Na kweli hakulisema. Hata kwenye picha aliyoonyesha zipu ilikuwa mgongoni. Angeweza kuvua gauni zima kwenye choo cha ukumbi kila mtoto akilia, au kumpa maziwa aliyokamua. Mama wa vifaa akatoa wazo: ile mishono miwili ya mbele inapita katikati ya titi, kwa nini isiwekwe zipu ya kujificha ndani yake? Fundi akafikiri, akasema inawezekana. Ifumuliwe inchi nane kila upande, kuanzia juu kidogo ya titi mpaka chini yake, zipu iwekwe, na bitana ipasuliwe mahali hapohapo na kupindwa. Zipu ya kujificha ikifungwa unaona mshono tu.

"Ila hili dada utalilipia. Lile la kwanza ni langu, hili ni lako." Zipu mbili elfu tatu, kazi elfu saba, jumla elfu kumi. Bibie akaguna, akawaza, akakubali. Akiulizwa leo anasema fundi alikuwa sahihi. Kinachorekebisha kosa la fundi ni cha fundi. Mteja akibadili au akiongeza jambo ambalo hakulisema mwanzo, hiyo ni kazi mpya. Ugomvi mwingi wa vibarazani unatokana na hivi viwili kuchanganywa kwenye kapu moja, mteja anataka vyote bure, fundi anataka alipwe vyote.

Ijumaa saa mbili usiku gauni likawa tayari. Safari hii bibie alienda na mtoto, na alienda akiwa hajamnyonyesha makusudi. Zipu ya mgongo ikapanda mpaka juu. Akainua mikono, akakaa kwenye kiti, akainama kama anaokota kitu, akajikumbatia mwenyewe. Ndiyo majaribio ya gauni hayo, siyo kusimama wima mbele ya kioo umevuta tumbo. Halafu akakaa kwenye stuli, akafungua zipu ya kushoto, mtoto akanyonya palepale kibarazani huku fundi ametazama barabarani kwa heshima.

Akaligeuza ndani nje. Kwenye umaliziaji fundi alikuwa vizuri. Zipu ya mgongo imelala, haina mawimbi. Yale maduara ya njano yamekutana pande mbili za zipu, hayakukatika nusu huku na robo kule, na hakuna duara lililoangukia juu ya titi kama shabaha. Pindo la chini lilikunjwa inchi moja na nusu na kushonwa kwa mkono, kwa nje huoni nyuzi. Hakuna uzi unaoning'inia, pasi imepita. Akalipa ishirini iliyobaki na kumi ya zipu.

Jumamosi ukumbini alisimama na mdogo wake, akamtambulisha, sauti haikutetemeka. Saa nne usiku mtoto akalia. Bibie akakaa pembeni, akatupia mtandio, akafungua zipu, akanyonyesha, akafunga, akarudi kwenye muziki. Yule shangazi asiyeishiwa maneno akamfuata. Watu wa mezani wakajua yameanza. Akashika kitambaa pale kwapani, akatazama, akauliza tu, "Nani kakushonea?"

Alama za bibie kwa fundi wake ni hizi. Kukaa mwilini, 5 kwa 10 kwa mara ya kwanza, 9 baada ya marekebisho. Umaliziaji, 8, mbili zimekatwa kwa kuacha kisu cha ovaloki kile akiba. Muda, 4, kwa sababu Jumatano iligeuka Ijumaa usiku, ingawa siku moja kati ya hizo ilikuwa ya marekebisho. Marekebisho, 9, maana alikubali kosa lake, alitunza mabaki, na alitenganisha bili.

Mwenyewe amejipa alama pia: 3, kwa kukacha siku ya kujaribu bila kuomba nyingine, na kwa kutotaja mtoto siku ya kwanza.

Namba ya fundi alimpa shangazi. Akampa na masharti: apimwe jioni, aombe akiba ya inchi moja pembeni, na fundi aambiwe shughuli ni siku nne kabla ya siku yenyewe.

Haya sasa. Zile inchi mbili za kifua, ungekuwa wewe ungemlipa au ungesimama palepale kwamba ni zake?